Sabtaito za Kithai kutoka Kiswahili: uache pleya ikate mistari, ukate kwa skripti, au ukate kwa mkono?

Kuna kaka mmoja wa Dar aliniandikia Wasap, ana filamu ya mafunzo ya dakika sita imepigwa Mahenge, mama mchimbaji anamfundisha binti kuchambua na kufunga mawe ya vito ya spineli, na wanaotakiwa kuiangalia ni vijana wa karakana ya kukata mawe huku Chanthaburi, Thailand. Swali lake lilikuwa fupi tu, "kaka nikikupa maandishi ya Kiswahili unaniwekea Kithai chini, mistari si kompyuta itakata yenyewe?" Nikamjibu subiri kwanza, maana hiyo ya mwisho ndo kazi yenyewe.

Kwa wasiojua, Chanthaburi na sisi tunajuana kitambo. Miaka ya 1990 Tunduru ilipochangamka Wathai walijaa kule kununua mawe, alafu 2007 yakatoka yale mawe makubwa ya spineli pale Ipanko, Mahenge, na mengi ya hayo yaliishia huku kukatwa. Kwaiyo filamu ya Kiswahili kwenda Kithai sio kitu cha ajabu, ina wateja. Shida ni kwamba Kithai hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Maneno yanashikana kama shanga kwenye uzi mmoja, na nafasi inawekwa pale tu kifungu cha maneno au sentensi inapoisha, na nukta ya mwisho hawaweki. Sisi kwenye Kiswahili ukikata mstari vibaya msomaji anakereka kidogo anaendelea, kwenye Kithai ukikata vibaya msomaji anaweza kusoma neno lingine kabisa.

Mfano ambao karibu kila Mthai anaujua toka shule ni huu wa dawa. Herufi ni zile zile, hakuna hata moja iliyoongezwa:

```
ยานี้ดี กินแล้วแข็งแรง
ไม่มีโรคภัยเบียดเบียน
```

Hiyo inasema dawa hii nzuri, ukinywa unakuwa na afya na nguvu, hakuna maradhi ya kukusumbua. Sa sogeza mkato silabi moja tu nyuma:

```
ยานี้ดี กินแล้วแข็ง
แรงไม่มี โรคภัยเบียดเบียน
```

Hapa imekuwa dawa hii nzuri, ukinywa unakakamaa, nguvu huna, na maradhi yanakusumbua. Yaani tangazo la dawa limegeuka onyo. Neno แข็งแรง, la afya na nguvu, limekatwa katikati, แข็ง peke yake ni ugumu, แรง ni nguvu, na ไม่มี ni hakuna. Ukiuelewa huo mfano umeshaelewa kwa nini nabishana na watu wanaosema "kompyuta itakata".

Basi njia nilizowahi kutumia ni tatu, nitazipitisha zote kwenye mistari ileile ya hiyo filamu ili uone tofauti kwa macho.

Kabla sijaanza, namba moja. Mimi najiwekea mwisho herufi 35 kwa mstari, mistari miwili basi, na spidi ya kusoma kama herufi 15 kwa sekunde kwa sababu vijana wa karakana wanaangalia huku mikono ina kazi. Lakini usihesabu Kithai kama unavyohesabu Kiswahili. Irabu nyingine zinakaa juu ya konsonanti, nyingine chini, na alama za toni zinapanda juu ya irabu, hizo zote hazichukui upana wowote kwenye skrini ila programu nyingi zinazihesabu. Kwaiyo programu inakwambia mstari umezidi na kumbe haujazidi, nawe unaanza kukata maneno ya watu bure. Hii ndo naitumia mimi kuhesabu upana wa kweli:

```python
import unicodedata

def upana(s):
    return sum(1 for c in s if unicodedata.category(c) != "Mn")
```

Namba zote ninazotaja hapa chini nimezihesabu hivyo.

Haya, njia ya kwanza, kuacha pleya ikate. Unaandika sentensi yote kwenye mstari mmoja, unasevu faili, unaachia. Uzuri wake ni kwamba haichukui hata dakika, na ukifungua kwenye brauza ya kisasa unaweza kuona imekata vizuri tu ukajisifu, maana brauza zina kamusi ya Kithai ndani na zinajua neno linaishia wapi. Tatizo filamu haiishi kwenye brauza yako. Kuna pleya ambazo zinakata penye nafasi tu, na kama hakuna nafasi mstari unatoka nje ya skrini au unakatwa popote, hata kati ya konsonanti na irabu yake. Nilishawahi kupeleka kazi hivyo kwa mteja mmoja, kwangu ilikuwa safi, kwenye tivii yao ya ukutani nusu ya sentensi ilikuwa imeingia ukutani, nikaambiwa "kaka hii mbona haisomeki" na mimi nabisha kwangu inasomeka. Wote tulikuwa sahihi, ndo ubaya wake.

Angalia mstari huu. Mama kwenye filamu anasema: "Yale mawe tuliyoloweka jana usiku, lazima uyafute yakauke kwanza, ndo uyafunge kwenye karatasi." Mtafsiri mmoja alileta hivi:

```
พลอยที่แช่น้ำไว้เมื่อคืนต้องเช็ดให้แห้งก่อนห่อกระดาษ
```

Ni Kithai sahihi kabisa, upana 38, na hakina nafasi hata moja ndani. Pleya inayokata penye nafasi haina pa kukata hapo. Kwenye simu iliyosimama wima ndo usiseme.

Watu wengine wanatibu hili kwa kupachika ile alama isiyoonekana ya `U+200B` kila mwisho wa neno, ili pleya ipate pa kukatia. Inafanya kazi kwenye zinazoielewa. Kwa zisizoielewa utaona viboksi vimetapakaa kwenye sentensi, na ukija kutafuta neno kwenye faili hulipati maana kuna kitu katikati hukioni, na hata ile kaskripti yangu ya juu inaihesabu kama herufi. Mi niliacha.

Njia ya pili, kukata kwa skripti, yaani kaprogramu kadogo. Hapa unatumia maktaba ya kodi inayotenganisha maneno ya Kithai, maarufu ni PyThaiNLP, ya bure, na njia yake ya kawaida inayoitwa `newmm` inalinganisha maandishi na kamusi na kukupa orodha ya maneno:

```python
from pythainlp.tokenize import word_tokenize

maneno = word_tokenize(mstari, engine="newmm")
```

Ukishapata maneno, unaiambia skripti ama ijaze mstari wa kwanza mpaka 35 ndo iteremke, ama itafute katikati igawe nusu kwa nusu. Hapa angalau neno halikatwi tumboni, na kama una vipande mia nane vya sabtaito vya kukata jioni moja ni ukombozi. Lakini sikiliza, kujua neno linaishia wapi sio kujua pumzi inaishia wapi. Ule mstari wa juu ukiujaza mpaka 35 unapata hivi:

```
พลอยที่แช่น้ำไว้เมื่อคืนต้องเช็ดให้แห้งก่อนห่อ
กระดาษ
```

Karatasi imebaki peke yake chini kama mtoto aliyesahaulika stendi, na kitendo cha kufunga kimebaki juu. Ukigawa nusu kwa nusu, nusu ya 38 ni 19, na bahati mbaya neno linaishia pale pale kwenye 19 kamili:

```
พลอยที่แช่น้ำไว้เมื่อคืนต้อง
เช็ดให้แห้งก่อนห่อกระดาษ
```

Kwa jicho la asiyejua Kithai hiyo imependeza, mistari imelingana kama imepimwa na rula. Ila ต้อง ni "lazima", sa mstari umeishia kwenye lazima, lazima nini? Mthai anasimama hapo anasubiri. Ni kama uandike "yale mawe ya jana usiku lazima u" alafu uteremke. Kwenye kitabu sio shida sana, kwenye sabtaito jicho linatakiwa lirudi kwenye picha haraka, na picha wakati huo inaonesha mkono wa mama unafuta jiwe, ndo somo lenyewe.

Mwingine huu ndo ninaoupenda kuwaonesha watu. Mama anasema: "Usiyaweke mawe yote mfuko mmoja, yatakwaruzana yaingie mikwaruzo." Kithai chake upana 39:

```
อย่าใส่พลอยรวมกันในถุงเดียว เดี๋ยวมันขูดกันเป็นรอย
```

Skripti ya nusu kwa nusu inatafuta karibu na 19 na nusu, inakuta neno linaishia kwenye 18, na lingine kwenye 22, inachukua 18 maana ni karibu zaidi:

```
อย่าใส่พลอยรวมกันในถุง
เดียว เดี๋ยวมันขูดกันเป็นรอย
```

Tazama mwanzo wa mstari wa pili. Kuna เดียว alafu kuna เดี๋ยว. La kwanza ni "moja", lilikuwa mali ya "mfuko mmoja" huko juu. La pili ni "ukicheza tu litatokea", lile la kuonya. Tofauti yake ni toni, na kwenye maandishi ni kamsalaba kadogo kama alama ya kujumlisha juu ya herufi. Dada mmoja Mthai ninayefanya naye kazi, mimi namwita พี่ maana amenizidi umri, alipousoma huo mstari kwa sauti akajikwaa, akarudia, akaniuliza "nong, mdogo wangu, umeandika mara mbili kwa bahati mbaya?" Sikuandika mara mbili. Skripti imeng'oa neno kwa mwenye nalo ikalibandika kwa jirani anayefanana naye. Na hapo somo limepotea pia, maana mstari wa kwanza sasa unasomeka "usiweke mawe pamoja kwenye mfuko", wakati mama hakukataza mfuko, alikataza mfuko *mmoja*.

Kwa mkono ni hivi, 22 juu na 16 chini, hazilingani na wala hakuna anayelalamika:

```
อย่าใส่พลอยรวมกันในถุงเดียว
เดี๋ยวมันขูดกันเป็นรอย
```

Sasa mwenye macho makali atasema, lakini mbona kwenye ile sentensi ya mfuko kulikuwa na nafasi pale pale ulipokata? Ndiyo! Na hilo ndo limenibadilisha namna ya kufanya kazi. Mthai anapoandika vizuri anaacha nafasi pale pumzi inapoishia, kwaiyo nafasi yenyewe ni ramani ya mikato. Ukiwa na tafsiri iliyoandikwa na mtu anayesikia pumzi, hata kitufe cha kijinga cha kukata penye nafasi iliyo karibu na katikati kitakupatia jibu sahihi mara nyingi. Kwaiyo swali la kweli linakuwa ile sentensi ya Kithai ilizaliwaje, na programu ya kukatia inakuja nyuma sana.

Na hapa ndo inakuja ile habari ya kupitia Kiingereza. Wateja wengi wanafanya hivyo, Kiswahili kwenda Kiingereza Dar, Kiingereza kwenda Kithai Bangkok, kwa sababu mtu wa Kiingereza na Kithai unampata kirahisi na mtu wa Kiswahili na Kithai unamtafuta kwa tochi. Siwalaumu. Ila ona kinachotokea. Ile sentensi ya mama ina mapigo: jana usiku, lazima yakauke *kwanza*, *ndo* uyafunge. Ikipita Kiingereza inakuwa sentensi moja iliyonyooka, mawe yakaushwe kabla ya kufungwa, pigo la "kwanza... ndo" limekufa njiani. Mtafsiri wa Bangkok anapokea kitu kisicho na pumzi anaandika kitu kisicho na pumzi, ndo ile ya upana 38 bila nafasi. Sio kosa lake, kapewa mkate ushaliwa katikati.

Ukitoka moja kwa moja, Kithai kina "kwanza... ndo" yake inayokaa vilevile kabisa: ก่อน แล้วค่อย. Ile แล้วค่อย inafanya kazi ya "ndo" yetu, kwamba hicho kikiisha ndo kifuate hiki. Sentensi inakuwa ndefu zaidi, upana 46 na nafasi zake, ila sasa ina viungo. Na kwenye picha, mama anafuta jiwe, alafu kamera inahamia kwenye mikono inakunja karatasi. Basi niliigawa sabtaito mbili, mkato wa maneno ukakaa juu ya mkato wa picha:

```
41
00:02:18,300 --> 00:02:21,400
พลอยที่แช่น้ำไว้เมื่อคืน
ต้องเช็ดให้แห้งก่อน

42
00:02:21,500 --> 00:02:23,300
แล้วค่อยห่อกระดาษ
```

Ya kwanza 16 na 14, sekunde tatu na kidogo, mtu anasoma na muda unabaki wa kuangalia kitambaa. Ya pili 14 kwa sekunde moja na pointi nane. Hakuna skripti itakayokufanyia hiyo, kwa sababu skripti inakata sentensi uliyoipa, haiwezi kukuambia sentensi yenyewe uibadilishe.

Kupitia Kiingereza kuna hasara nyingine ambayo haihusu mikato moja kwa moja ila inaivuruga. Sisi tunasema "mawe" na kila mtu wa Mahenge anajua mawe gani. Likipita Kiingereza linakuwa jiwe lolote, likifika Kithai linakuwa หิน, ambalo ni jiwe la barabarani, la kujengea, la kumtupia mbwa. Watu wa Chanthaburi wanasema พลอย. Na likishakosewa hilo, neno la kuhesabia nalo linafuata kombo, maana Kithai huwezi kusema "mawe matatu" hivihivi, unataja namba alafu neno la kuhesabia, kwa พลอย wanatumia เม็ด, kama punje, kwa jiwe la kawaida wanatumia ก้อน, kama bonge. Filamu nzima vijana wa karakana wanasoma mabonge ya mawe ya barabarani. Nilikuta kazi ya namna hiyo niliyoletewa kuirekebisha, walikuwa wanaicheka tu, somo hakuna.

Hiyo namba na neno lake la kuhesabia ni kimoja kati ya vitu ambavyo havitenganishwi kamwe. สาม isibaki juu เม็ด ikashuka chini. Vingine ni ไม่ ya kukanusha na kitendo chake, ต้อง na จะ na vitendo vyake, na vile vya adabu vya mwisho ครับ na ค่ะ na นะ, hivyo vikianza mstari vinaonekana kama mtu aliyeingia mkutanoni amechelewa. Kinyume chake kuna maneno yanayopenda kuanza mstari: ที่ inapofanya kazi ya "ambayo", แต่ ya "lakini", เพราะ ya "kwa sababu", แล้วค่อย hiyo ya juu. Ukikata kabla ya hayo ni nadra kukosea. Mtu wa Kiswahili analielewa upesi, fikiria tu ungepumulia wapi, usingepumua baada ya "kwa" ya "kwa sababu".

Mstari wa binti nao una kitu. Anaingia anasema: "Shikamoo mama. Haya mekundu matatu nimeshayamulika, hayana ufa." Kwa njia ya Kiingereza shikamoo ilikuwa salamu ya hotelini, na "mama" ikawa bibie wa ofisini. Kithai hakina shikamoo ya kusema, heshima wanaitoa kwa mikono na kwa namna ya kuitana. Mama wa umri ule ambaye sio mama yako mzazi unamwita ป้า, shangazi mkubwa, na binti anajiita หนู, ambalo maana yake ya moja kwa moja ni panya ila ndo binti mdogo anavyojitaja mbele ya wakubwa. Ukiweka hivyo viwili heshima yote ya shikamoo imefika na hujapoteza sekunde hata moja:

```
ป้าคะ สีแดงสามเม็ดนี้
หนูส่องดูแล้ว ไม่มีรอยร้าวค่ะ
```

Upana 16 na 21. Mstari wa kwanza unataja mawe, wa pili unasema yamefanywaje na matokeo yake. Ule ส่อง ni neno la biashara, kumulika jiwe ukaliangalia ndani. Skripti ya kujaza mpaka 35 ingeishia kwenye ไม่มี juu na kuacha รอยร้าว chini, yaani "hakuna" alafu "ufa". Na kama kamusi ingegawa รอยร้าว mara mbili ndo balaa, maana รอย peke yake ni alama au mkwaruzo, kwaiyo mstari wa juu ungesema mawe hayana mkwaruzo, kitu ambacho binti hakusema. Mnunuzi anayesoma hapo anaelewa kingine kuhusu bei.

Umeona pia kuna คะ na ค่ะ hapo? La kwanza la kuitia na kuuliza, la pili la kutoa taarifa. Wathai wenyewe mtandaoni wanazichanganya kila siku, ila kwenye sabtaito wanakuona wewe ndo hujui. Na mama anapojibu "marahaba mwanangu", mwanangu hapo ni ลูก tu, usiandike "mtoto wangu wa kumzaa" kama ilivyoletwa kwenye ile ya Kiingereza, watazamaji wataanza kujiuliza mbona mtoto anamwita mama yake shangazi.

Njia ya tatu basi ndo hiyo ambayo nimekuwa nikiionesha muda wote, unakata kwa mkono wakati unatafsiri, na Mthai anakusomea. Mimi natumia Subtitle Edit, nafungua video juu, nasikiliza mstari wa Kiswahili mara mbili bila kuandika kitu, naandika Kithai kwa pumzi, naweka mkato, nahesabu. Alafu namwita dada anasoma kwa sauti nami nimefunika mstari wa pili kwa kiganja. Namuuliza kitu kimoja tu, hapo ulipofika unasubiri neno au unasubiri habari? Akisema nasubiri neno, mkato ni mbovu. Akisema nasubiri habari, mkato ni mzuri. Kile cha ต้อง alijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Gharama yake ni muda. Hiyo filamu ya dakika sita ilikuwa na vipande themanini na kitu, nilitumia siku mbili, siku ya kwanza kutafsiri na kukata, ya pili kukaa na dada na kurekebisha kama robo ya vipande. Kwa skripti ningekata vyote ndani ya dakika moja na bado ningekaa na dada siku nzima, pengine zaidi, maana kurekebisha mkato mbovu mara nyingi ni kubadilisha sentensi, na kubadilisha sentensi ni kutafsiri upya. Hapo ndo watu wanapojidanganya kwenye bajeti.

Kwaiyo uchague ipi. Kama ni filamu moja fupi ya mafunzo, ambayo mtu akielewa vibaya jiwe linapasuka au mkono unakatika, kata kwa mkono, moja kwa moja kutoka Kiswahili, na ulipe Mthai wa kukusomea hata kama hajui Kiswahili hata neno moja. Kama ni mfululizo wa vipindi ishirini na muda huna, mwambie mtafsiri aache nafasi kila pumzi inapoishia, alafu kitufe kikate penye nafasi, na skripti ya PyThaiNLP uitumie kutafuta ile mistari mirefu isiyo na nafasi ndani, hiyo tu ndo ukae nayo kwa mkono. Kukata kwa idadi ya herufi peke yake mimi sishauri kwa Kithai, hata kwa kazi ya haraka. Kuacha pleya ikate ni sawa kwa kopi ya kujiangalizia mwenyewe. Na kama umelazimika kupita Kiingereza, basi tuma na sauti ya Kiswahili pamoja na maandishi, hata mtafsiri wa Bangkok asiyejua Kiswahili atasikia mama anapumua wapi. Nilimshauri hivyo mtu mmoja akaona namtania, baadae akarudi kusema nafasi zimeanza kutokea kwenye Kithai chake.

Kitu cha mwisho nilichomwambia yule kaka wa Dar ni cha fonti, maana ukikata vizuri alafu mistari miwili ikagandana hujafanya kitu. Kithai kina ghorofa. Neno kama ที่ lina konsonanti, juu yake irabu, juu ya irabu toni, na neno kama ถุง lina irabu inayoning'inia chini. Ukipanga mistari miwili karibu kama unavyopanga ya Kiswahili, ule mkia wa ถุง wa juu unagonga toni ya mstari wa chini na msomaji hajui ni ya nani. Ongeza nafasi kati ya mistari, na sevu faili kwa UTF-8, maana akikufungulia mtu kwenye mfumo mwingine atakuletea picha ya skrini imeandikwa `ÊÇÑÊ´Õ` akuulize hiki ni Kithai cha wapi. Kwenye simu za vijana wenye maandishi makubwa, mstari wa 35 unajikunja tena unakuwa mitatu, kwaiyo kama unajua wataangalia kwa simu shuka mpaka 28 hivi. Ile ya mfuko mmoja, 22 na 16, ilipita kwenye simu zote tulizojaribu. Ya binti pia. Iliyogoma ni moja tu, kipande cha mama anataja majina ya rangi sita mfululizo bila kupumua, hiyo niliigawa mara tatu na dada bado anasema ya katikati haimkai vizuri.